Chupa ya Fundi Viatu

Mama yetu alikuwa mkali kuliko pilipili yake. Tangazo alilotuma kwa simu halikumbembeleza mtu: "Chupa arobaini tu. Lipa nusu leo ndipo nikuandikie. Napika tarehe tano, inakaa siku saba ikolee, tarehe kumi na mbili nakuletea mlangoni, unamalizia nusu. Msiniharakishe."

Fundi viatu, jirani yetu, alilipa wa kwanza. Tarehe nane mkewe akaja.

"Dada, mgonjwa wangu hali kitu. Anasema kwa pilipili yako labda atameza tonge."

"Haijakolea, mwenzangu. Mvumilivu hula mbivu."

Tarehe kumi na mbili tulikuta viatu vya watu vimejaa mlangoni pao, na kilio ndani. Mama akamnyooshea mjane chupa pamoja na ile nusu ya kwanza. Mjane akaishika chupa, pesa akazirudisha, akaongeza na nusu iliyobaki.

"Alisema ikifika nimalizie."

Tangu hapo, kila akipika, mama huweka chupa moja dirishani siku hiyohiyo, ingali moto, kwa atakayeshindwa kungoja. Hakuna aliyewahi kuiomba.