Pofu Arobaini na Saba Wasiofika Wanne

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nasomea uhifadhi wa wanyamapori Mbarara, nikatumwa kuhesabu pofu, wale swala wakubwa walio adimu Uganda, kwenye ranchi moja yenye uzio karibu na Endiinzi. Nikapata hamsini: madume wanne, majike arobaini na sita. Nikampongeza mwenye ranchi, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya jeshi ya Makenke, kwa hiyo hamsini. Sifa zikamlevya, akaamua kuuza madume watatu. Wafugaji wa huko huacha fahali mmoja tu. Wengine, wanasema, kazi yao kupigana na kuvunja uzio.

Alinipigia mwenyewe kunieleza, Jumapili, nikiwa chumbani kwangu mjini. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi simu kuita tu. Jumapili hakuna anayenipigia.

Kisha nikashika kalamu. Zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa nne, gawanya kwa jumla yao. Hamsini wangu, kwa uwezo wa kurithisha damu tofauti, walikuwa hawafiki hata kumi na watano. Angebaki dume mmoja, arobaini na saba wangepoteza urithi wao upesi kama kundi lisilofika wanyama wanne. Nilijichukia mchana kutwa.

Kesho yake nilimkuta akilisubiri lori.

"Afande, dume moja haitoshe," nikamwambia. "Majike beko mingi, lakini nusu ya damu ya kila mutoto inatoka kwa baba. Batoto bote batakuwa ndugu. Ugonjwa wenye kushinda mumoja utashinda bote."

"Ng'ombe yangu iko na fahali moja, na inazaa muzuri."

"Fahali akizeeka unaenda kuchukua mwingine kwa jirani. Pofu, utamuchukua fasi gani?"

Alitazama ng'ambo ya uzio. Jirani mwenye pofu hakuwapo.

"Moja imeshaenda jana," akasema. "Hii mbili zitabaki."

Madume watatu, basi. Kumi na mmoja na kitu. Si haba, lakini yule mmoja aliyeondoka ni deni langu mimi.

Alinipa kikombe cha maziwa, akauliza, "Na wewe nyabo, dada, kwenu Nakivale muko wangapi?"

"Moja," nikasema. Mama nilimzika huko huko, katika kambi ya wakimbizi, na kaka zangu walibaki Kivu. Sijasikia habari zao. Kila tukihakikiwa pale Base Camp, karani huandika kaya ya mtu mmoja, kisha hunitazama kana kwamba nimeficha wengine.

Nilirudi Mbarara, nikaandika ripoti na hesabu mpya. Karatasi ilibaki na nafasi chini, nikaipigia hesabu kaya yangu: dume sifuri, jike mmoja. Nilizidisha, nikagawanya, nikarudia, ingawa jibu nililijua. Sifuri.