Herufi Moja kwenye Invoisi

Nilikuwa karani wa duka la pembejeo Thika, na nilikuwa mvivu wa kuandika. Mteja wangu wa kwanza wa mkopo alikuwa mama mjane mwenye shamba la nyanya upande wa Ngoliba. Alichukua mbegu, mbolea na dawa za kuvu za shilingi elfu arobaini na nane, alipe akishavuna. Dhamana ilikuwa pampu yake ya petroli. Pampu ingebaki shambani, ila akishindwa kulipa tuichukue. Riba tulikubaliana asilimia kumi kwa msimu. Mimi, kwa haraka zangu, niliandika "10% kwa m." Yeye akaweka sahihi, nami nikamkatia nakala.

Miezi minne baadaye alirudi na elfu hamsini na mbili na mia nane, zimefungwa kwa leso. Siku hiyo bosi alikuwa ametoka duka lake la Ruiru kukagua vitabu. Akavaa miwani.

"Mama, hii ni ten per cent kwa mwezi. Miezi ni minne. Bado elfu kumi na nne na mia nne."

"Ai! Mwezi gani? Huyu msichana aliniambia msimu."

Bosi aliniangalia. Nikasema ndiyo, ni msimu, kosa ni langu. Akasema siku ya deni kulipwa kila karani hukumbuka yanayomfaa mteja, na akaanza kumpigia mwenye pikapu aende kuleta pampu. Mama alikaa juu ya gunia la mbolea. Bila pampu, msimu wa kiangazi angepanda nini? Nilijichukia.

Nilivuta kitabu na kuisoma invoisi yangu upya, mstari kwa mstari, nikitafuta chochote. Chini kabisa nilikuwa nimeandika: "Deni kulipwa mwisho wa m."

"Bosi, soma hapa. Kama m. ni mwezi, mama angelipa lini?"

Alisoma. Akahesabu kwa vidole.

"Mwisho wa mwezi huo miche ilikuwa bado kitaluni," mama akasema. "Ungekuja kuchukua pampu hiyo siku, mzee. Mbona hukukuja?"

Bosi alikata simu. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akahesabu noti na kugonga muhuri wa IMELIPWA. Kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwamba pampu si dhamana tena. Mimi nilitamani kumkumbatia, bosi mwenyewe, kwa furaha.

Mama hakuondoka. Alitaka mbegu za msimu uliofuata, kwa masharti yaleyale. Nikafungua ukurasa mpya, nikafika kwenye riba. Akavuta gunia lake karibu na meza, akakaa, macho yake kwenye kalamu yangu.

"Andika yote, mami," akasema. "Mimi sina haraka."