Seva ya Pili Ilipojaa

Hospitali yetu ya Tabora ilikuwa na seva mbili, kila moja ikiendesha mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za programu tu zinazoishi ndani ya seva. Moja ikifa, nyingine ilipaswa kupokea mzigo wake. Asubuhi ile moja ilizimika, na mashine ya maabara ikagoma kuwaka kwenye ya pili: memori haitoshi. Nafasi niliyoiacha kwa dharura, bosi wangu alikuwa ameijaza mashine za kamera za getini bila kuniambia.

“Usizizime,” aliniambia nilipompigia simu kuomba nizizime. “Kuna wageni wanakuja kuziona.”

“Bosi, kuna mama katoka Usoke, mtoto anachemka homa, na majibu yake yamekwama humo!”

Nilimkatia simu, nikazizima zote. Maabara ikawaka, mtoto akapata dawa. Mpaka leo nikilikumbuka lile neno “wageni”, damu inanichemka.