Fundi wa Funguo Aliyefungua Mno

Kama kuna mtu mjini aliyekuwa na haki ya kujipiga kifua juu ya mambo ya milango, ni Fundi Kufuli. Mlango uliomgomea kila mtu, kwake ulikuwa mnyenyekevu kama mkwe. Wenye magari waliofungia funguo ndani, waume waliofungiwa nje kwa makosa wanayoyajua wenyewe, mabosi waliosahau namba za kasha la fedha, wote walimfuata yeye, naye aliwafungulia huku akiwatania mpaka wajute kumwita. Kitu kimoja tu hakikumwingia kichwani mpaka siku maji yalipomfika shingoni: kuwa na ufunguo ni jambo moja, na kuwa na mlango ni jingine.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye ujia mwembamba unaonuka rangi na chuma kilichokatwa. Mashine ya kuchonga ilikaa mezani, funguo ghafi zilining'inia ukutani kwa safu, na unga wa shaba ulimganda kwenye vinyweleo vya mikono hata akaonekana kama mtu aliyepakwa dhahabu kwa bei nafuu. Wateja walimjua hapo hapo. Usipomkuta, ungekaa kwenye benchi umsubiri, kwa sababu fundi wa funguo si muuza nyanya. Humkabidhi ufunguo wa nyumba yako mtu unayemkuta popote.

Jengo na duka vilikuwa vya Mzee wa Nondo, na Mzee wa Nondo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Tangu siku ya kwanza Fundi alimchongea ufunguo wa chumba kwa mkono wake mwenyewe, akakataa malipo, akaufunga na utepe mwekundu ili mzee asiupoteze. Mzee aliutumia kweli. Asubuhi angeingia na kupanga makopo yake ya rangi chini ya meza ya fundi. Mchana, presha ikimpanda, angejilaza kwenye benchi na kukoroma huku mteja akisubiri. Hodi hakupiga hata siku moja. Na duka lilipohitaji nafasi, mzee alisema tu, "Ndugu yangu, sogea," na Fundi akasogea. Kwanza alitolewa chumba cha mbele kinachotazama barabara akapelekwa cha katikati ya ujia, kisha akatolewa cha katikati akapelekwa cha nyuma karibu na ngazi. Kila mara alibeba mashine yake begani akiimba, na jioni alijisifu kwa mkewe kwamba mwenye jengo humwendea yeye kwanza, kwa vile yeye ni mtu wa watu.

Kichekesho chake kikubwa kilikuwa Mama Fotokopi wa chumba cha ng'ambo. Mama huyo alinunua kufuli kubwa kwa Fundi huyo huyo, akachukua funguo zote, akazitia kwenye mkoba, basi. Siku Mzee wa Nondo alipokuja na mifuko ya saruji akitaka kuiweka kwake, alisimama mlangoni mikono kiunoni akamwambia chumba hiki amekilipia, saruji itafute pengine. Mzee akarudi na mifuko yake. Tangu siku ile alipiga hodi kama mchumba. Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tena alikuwa na la kumtania, maana karatasi ya Mama Fotokopi iliandikwa juu kwa herufi nene, "Kibali cha Kutumia Nafasi", na ya kwake Fundi, iliyokuwa ya zamani zaidi, iliandikwa "Mkataba wa Upangaji".

"Wewe shemeji ni mgeni tu hapa," alimwambia, "unajitia ukali bure. Mpangaji ni mimi. Kasome."

Mama Fotokopi aliendelea kunyoosha makaratasi yake.

Kisha Mzee wa Nondo akafa. Fundi alishika jeneza, akalia kuliko watoto wa marehemu. Msiba haujapoa vizuri, mtoto wa kiume, ambaye amemwita Fundi "baba mdogo" tangu hajui kufunga kamba za viatu, akaja kwenye ujia akipima kuta kwa futi. Anataka kuvunja vyumba aweke maonyesho ya vigae. Aliwapa wote wawili notisi: mpaka mwisho wa mwezi ujao wawe wameondoka.

Mama Fotokopi ndiye aliyemburuta Fundi mpaka ofisi ya msaada wa sheria. Wakili wao alikuwa binti mwembamba mwenye kikohozi. Fundi alimwekea karatasi yake mezani kwa mbwembwe, kama mtu anayemaliza mchezo wa karata. Wakili aliisoma, akaisukuma kando kwa upole.

"Mzee wangu, kichwa cha habari hakitusaidii sana. Baraza la nyumba haliangalii karatasi imejiita nini. Linaangalia mlikaa vipi."

Akawaeleza, na alieleza vizuri, Fundi mwenyewe alikiri. Mpangaji ni yule aliyepewa chumba akishike peke yake kwa muda wake, kiasi kwamba anaweza kumfungia nje kila mtu, na mwenye jengo akiwemo. Mtu wa namna hiyo ana kitu ndani ya lile jengo. Akifa mwenye nyumba, mrithi anamkuta naye anamrithi hivyo hivyo. Hatolewi mpaka apewe notisi ile inayotakiwa na sheria, kwa sababu ambayo sheria inaikubali, na amri ya baraza juu yake. Lakini kuna mwingine anayelipa vile vile kila mwezi, na hana ila ruhusa. Kilichomlinda asiitwe mvamizi ni neno la mwenye jengo. Neno hilo likiondolewa, anapewa muda wa kutosha kukusanya vitu vyake, basi.

Alipoulizwa nani alikuwa na funguo, Fundi alisema yeye na marehemu. Wakili alikuna shingo. Akasema ufunguo peke yake hauui kesi. Wenye nyumba wengi huweka wa akiba, bomba likipasuka au moto ukizuka. Je, kuna jingine? Fundi akafikiri, akasema hakuna. Wala hakudanganya. Yale makopo ya rangi, ule usingizi wa benchi, kule kusogezwa sogezwa, kwake hayakuwa mambo ya sheria. Yalikuwa ni uungwana. Nani huenda kwa wakili kusimulia uungwana wake?

Kwenye baraza, Mama Fotokopi alihojiwa kwanza, akajibu kwa maneno yanayohesabika. Kufuli la nani? Langu. Marehemu aliingia? Akibisha, nikimruhusu. Uliwahi kuhamishwa? Hakuthubutu.

Ilipofika zamu ya Fundi, wakili wa mtoto wa Nondo, mtu mnene mwenye sauti laini kama mafuta ya mnyonyo, hakumuuliza habari za mkataba hata kidogo. Alimuuliza tu kama yeye na marehemu waliishi vizuri.

Ewe msomaji, laiti ungekuwepo ukamkanyaga mguu! Fundi alivimba. Aliona sasa hapa ndipo penyewe, hapa ataonyesha kwamba mtu kama yeye hafukuzwi. Alisimulia ufunguo wenye utepe mwekundu. Alisimulia makopo, na jinsi alivyokula chakula cha mchana miguu juu ya rangi za watu. Alisema marehemu alikuwa akiingia saa anayotaka, "maana mimi si mchoyo kama wengine", akamtupia jicho Mama Fotokopi. Akamalizia na vile vyumba vitatu.

"Kwa hiyo marehemu akikwambia hama chumba hiki nenda kile," yule mnene akauliza, "ulikuwa na uwezo wa kukataa?"

"Nikatae vipi? Jengo ni lake."

Wakili wao aliweka kalamu chini. Fundi aliisikia ikigonga meza.

Mwenyekiti wa baraza alisoma uamuzi bila kuinua macho. Mama Fotokopi, alisema, ni mpangaji, ingawa karatasi yake inamwita mwenye kibali. Chumba alikishika yeye, na mwenye jengo alibisha hodi. Notisi aliyopewa haitoshi, sababu iliyotolewa haijathibitishwa, na asiguswe mpaka baraza liamue vingine. Fundi, ingawa karatasi yake inamwita mpangaji, hakuwahi kupewa chumba chochote kile. Alipewa ruhusa ya kufanyia kazi popote mwenye jengo atakapomweka, pamoja na mwenye jengo mwenyewe na vitu vyake. Ruhusa hiyo ilikuwa ya mtu kwa mtu, haimfungi mrithi, na notisi aliyopewa ni muda wa kutosha.

Nje, wakili wao alimshika Fundi mkono. Alimwambia wanaweza kukata rufaa, lakini hatamdanganya: waliomwangusha si mashahidi wa upande wa pili. Fundi aliuliza, kwa sauti ambayo hata mkewe hakuwahi kuisikia, "Mwanangu, ina maana ningekuwa mtu mbaya ningekuwa na chumba?"

Binti alikohoa, akatazama barabara. "Si mbaya, mzee. Ungefunga mlango tu."

Mama Fotokopi hakumcheka. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angecheka, Fundi angejua la kumjibu. Siku za mwisho Mama alimsaidia kutoa funguo ghafi ukutani moja moja na kuzitia kwenye ndoo. Fundi akauliza kama mashine inaweza kukaa pembeni mwa mlango wake, kwa muda tu, mpaka apate pa kwenda. Mama akageuza uso. Alisema wakili amemwonya: akimwingiza mtu mwingine chumbani bila idhini ya mwenye jengo, atakuwa amewapa sababu waliyoikosa barazani.

"Naelewa, shemeji," Fundi akasema. "Usifungue."

Mtoto wa Nondo alikuja mwenyewe kupokea chumba, na aibu kidogo usoni, tuseme ukweli. Fundi aliuweka ufunguo juu ya kopo la rangi. Kijana aliuangalia, akacheka kicheko cha kulainisha mambo.

"Baba mdogo, wewe ni fundi bwana. Hujabakiza mwingine?"

Zamani angekuwa na majibu kumi. Sasa aliinama akainyanyua mashine, akatafuta bega la kuiweka.

"Hata nikibakiza, mwanangu, nitafungua niingie wapi?"

Alitoka kwenye ujia, mashine ikimwelemea upande mmoja, ndoo ya funguo ikilia kila hatua. Mlangoni mwa duka alisimama kwenye kivuli cha bati, akaitua mashine apumue. Mlinzi wa duka, aliyemchongea ufunguo wa nyumba yake bure mwaka juzi, alimsogelea akamwambia kwa heshima zote kwamba hapo haruhusiwi kukaa. Fundi akaitikia kwa kichwa, akainyanyua tena, akavuka barabara. Ng'ambo kulikuwa na ukuta mrefu wenye lango la chuma lililofungwa. Akaitua mashine chini ya lango, akatandika gunia, akapanga funguo zisizo na meno, akaanza kusubiri mwenye lango atoke amwambie asogee.