Daktari na Farasi Wake

Mwalimu mwenzangu tulimwita Mama Imla. Kwa miaka kumi na tisa, kila Ijumaa, aliwasomea watoto imla ileile ya Kiingereza, habari za daktari na farasi wake, mpaka hata herufi zisizotamkwa ziliwakaa kichwani. Walipata alama zote. Sisi wengine tukasimangwa na mwalimu mkuu: "Igeni kwa mwenzenu!"

Jana mkaguzi alikuja na imla yake, ya daraja lililovunjika. Aliisoma mara tatu, polepole. Watoto wakaandika bila wasiwasi.

Nilipokusanya madaftari, yote yalikuwa na daktari na farasi.

Mama Imla alishika kalamu nyekundu, akatafuta kosa daftari baada ya daftari. Hakupata hata moja.