Mfanyakazi Bora na Waliosimama Naye

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo kila ikinijia nacheka peke yangu, na mkinikuta hivyo mnadhani uzee umeanza kunichezea. Ni siku niliyozawadiwa baiskeli nisiyojua kuipanda, mbele ya watu wazima na akili zao, nikalia kama bibi harusi. Nimeikumbuka tena jana uliponisomea kwenye simu hotuba uliyoambiwa uitoe huko kazini kwenu Kibiti, ya kumkabidhi mwenzenu zawadi ya mfanyakazi bora wa mwaka. Umeandika kwamba ni mchapakazi, ni mwadilifu, anajituma, ana ushirikiano. Maneno mazuri yote hayo. Ila ukimvisha mlinzi wa geti yanamkaa, ukimvisha mkurugenzi yanamkaa, hata mimi mama yako hapa jikoni yananikaa. Basi vuta kigoda, chai ipo, nikusimulie.

Nilikuwa binti bado, sijaolewa na baba yako, nafanya kazi Ikwiriri kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwenye mashine alikuwa kijana wa Kihindi aitwaye Karim, lakini duka na heshima vilikuwa vya mama yake, Mama Shirin, aliyezaliwa Mohoro na akikisema Kindengereko vizuri kuliko baadhi yetu. Kazi yangu mimi ilikuwa kupokea mpunga getini. Nauma punje, natazama unyevu wake. Punje kavu inalia kwenye jino. Mbichi inalala tu. Mpunga mbichi ukiingia kwenye mashine unatoka chenga tupu, mchele uliovunjika, na mkulima aliyetoka nao mbali anarudi kwake analia.

Fundi wa mashine alikuwa Mbonde, mtu mpole, mkono wake mzuri. Mwaka wa nyuma Mei Mosi ndiye aliyekuwa mfanyakazi bora, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Karim alisimama kumkabidhi cheti, na kwa nia njema kabisa akasema, "Laiti wote mngekuwa kama Mbonde, mashine hii ingekuwa mbali." Eti alikuwa anamsifu! Watu wakapiga makofi ya baridi, wakala pilau, wakaenda zao. Kesho yake mkanda wa mashine ukakatika. Mbonde akaomba mtu wa kumshikia, na Shamte, kiongozi wa wabeba magunia, akajibu huku amekaa juu ya gunia, "Mwite mfanyakazi bora."

Wote wakacheka. Tangu siku hiyo ukawa ndio wimbo wao. Gunia likipasuka, mwite mfanyakazi bora. Panya akipita, mwite mfanyakazi bora. Walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ingawa yule bwana hakutia maji popote. Ikafika Mbonde akawa anakula peke yake nyuma ya chumba cha injini, sahani mapajani. Mwaka mzima, mwanangu. Kumtenga mtu kwa sababu kapigiwa makofi, uliona wapi?

Basi Mei Mosi nyingine ikakaribia. Kila kitengo kikaambiwa kitaje jina na sababu yake, wasimamizi wakakaa, na mdomo wa Ikwiriri haufungwi: nikasikia jina lililopita ni langu. Wengine wangefurahi. Mimi niliwaza sahani ya Mbonde. Nilikuwa nawapenda wale watu. Nilikuwa nakula nao, nikicheka nao, Shamte akinitania kwamba jino langu litang'oka kwa kuuma mpunga. Nikaona vyote hivyo vinaondoka kwa sababu ya cheti cha ukutani.

Nikaenda dukani kwa Mama Shirin kukataa. Nilimkuta anachambua iliki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso wako umekunjika, nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama. Ile zawadi, naomba apewe mwingine."

Hakuacha kuchambua. "Unakataa kwa unyenyekevu au kwa woga?"

Nikasema, "Kwa woga."

"Afadhali umesema kweli. Ungesema unyenyekevu ningekufukuza." Akasukuma sinia la iliki pembeni. "Sikia, mwanangu. Chanda chema huvikwa pete, na kukikata chanda kwa kuogopa pete si adabu, ni kuwanyima wenzio furaha. Mwaka jana tatizo halikuwa pete. Tatizo lilikuwa mdomo wa mwanangu Karim. Mwaka huu nitasema mimi. Sasa nieleze siku ile ya mvua, mpunga ulipokuwa umeanikwa. Nani alishika wapi?"

Nikamweleza. Akauliza tena, na tena, kama hakimu. Nani aliona wingu kwanza? Turubai lilivutwa kutoka upande gani? Nilidhani ni mimi tu niliyehojiwa. Kumbe siku zile alipita kwa kila mtu. Alikaa na Bi Somoe, mpishi wetu, akimmenyea vitunguu; akamfuata Shamte kwenye lori; akaingia hata chumba cha injini, mkono umeziba sikio, akamuuliza Mbonde. Kabla ya kumsifu mtu alikwenda kuuliza, na hakuona aibu kuuliza.

Siku ikafika. Viti vikapangwa uani, pilau la Bi Somoe linanukia mpaka barabarani, na wakulima wetu kadhaa wamealikwa. Mbonde alikaa kiti cha mwisho kabisa. Mama Shirin akasimama, ushungi wake mweupe, akaanza kwa Bismillahi, akawasalimu wageni kwa heshima zao. Kisha akasema zawadi ile ni ya nini: kwamba wanamtafuta mtu ambaye kazi yake imefanya kazi za wenzake ziwe nzuri zaidi. Akaeleza na jina lilivyopatikana, ili asiwepo wa kunong'ona kwamba limetoka mfukoni mwa mtu. Jina lenyewe hakulitaja.

"Mnaikumbuka mvua iliyokuja bila kubisha hodi?" akauliza. Watu wakaguna. "Mpunga wa Mohoro umeanikwa uwanja mzima. Mtu mmoja getini akaona wingu, akapiga kelele. Alipiga kelele tu, jamani! Kelele hazikunji turubai. Shamte na wenziwe walikuwa wanakula. Waliacha tonge mkononi, wakakamata pembe. Bi Somoe aliacha sufuria motoni, akavuta na yeye. Mpunga haukulowa. Tulichokula siku ile mnakijua."

"Makoko!" akadakia mtu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Bi Somoe akajifunika kanga usoni.

"Makoko, naam. Na mwenye mpunga yule amekaa pale, aliuza mchele mzima. Shamte, simama na watu wako. Somoe, simama."

Wakasimama, wanatazamana, hawajui mikono waiweke wapi.

"Na siku mchele ulipotoka chenga," akaendelea, "mtu yule wa getini alikinga kiganja mdomoni pa mashine akaona. Angeweza kuja kwangu kumsema fundi. Hakuja. Alikwenda kwa fundi mwenyewe, na fundi hakununa. Alizima mashine pale pale, mkulima anasubiri, mwanangu Karim anapiga kelele," na hapo Karim akainamisha kichwa akicheka, "akafungua, akakagua raba za kukobolea. Nzima. Wakamwita Shamte, naye akakumbuka kwamba magunia mabichi yalipangwa pamoja na makavu. Basi watatu hao wakakubaliana: gunia bichi litafungwa kitambaa chekundu shingoni, lisiguswe mpaka kitambaa kitolewe. Kitambaa kilitoka wapi? Kanga ya Somoe. Tangu hapo wakulima wanatuletea mpunga hata kwa kuipita milango ya mashine nyingine. Fundi aliyekubali kuzima mashine ili ukweli ujulikane ni Mbonde. Simama, baba. Makofi yako ya mwaka jana tulikupa vibaya. Leo tunakupa vizuri."

Mwanangu, niliona kwa macho yangu. Mbonde alisimama kule nyuma, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa Shamte. Alipiga kwa viganja vile vya kubebea magunia, vinalia kama mbao. Wote wakafuata. Mbonde akawa anapangusa macho kwa kofia yake, na mimi nikaanza kulia hata jina langu halijatajwa.

Ndipo akasema, "Aliyepiga kelele ya mvua, aliyekwenda kwa mwenzake badala ya kwenda kwa bosi, aliyeomba kanga ikachanwa, ni Mwajuma binti Mkumba. Mfanyakazi bora wa mwaka huu. Njoo, mwanangu, na wenzio wabaki wamesimama."

Vigelegele! Akanipa mkono, akanikabidhi cheti, Karim akasukuma baiskeli mpya, karatasi bado imezunguka fremu. Nikaambiwa niseme neno. Nikasema, "Ahsanteni. Sijui kuendesha." Basi, hotuba yangu ikaishia hapo, maana nani angenisikia tena kwa kile kicheko?

Mama Shirin alikuwa amekwisha kukaa. Alisema kwa kipimo, pilau halijapoa. Na wakati wa kula, Shamte alibeba sahani yake, akampita kila mtu, akakaa ubavuni mwa Mbonde. Sikusikia walichosema. Niliona tu Shamte anamwekea mwenzake pande la nyama.

Kesho yake gunia likapasuka getini, punje zikamwagika. Kijana mgeni, hajui hili wala lile, akapaza sauti kwa ule utani wa zamani, "Mwiteni mfanyakazi bora!" Mbonde akatoka kwenye injini akijibu "Naam!" Shamte akashuka kwenye lori, "Naam!" Bi Somoe akatoka jikoni na mwiko, "Naam!" Nami nikaja na ufagio. Tulizoa mpunga ule kwa kicheko. Jioni wakanishikia baiskeli uani, huyu nyuma huyu mbele, mpaka nikajua kuipanda.

Sasa chukua, mwanangu, na hotuba yako uirudishe mezani. Kabla ya kumsifu mtu, nenda ukaulize waliofanya naye kazi. Usiseme ana ushirikiano. Sema siku ile ilitokea nini, yeye alifanya nini, nani alimshika mkono, na kikapatikana nini. Wataje wenzake kwa majina yao, uyatamke sawasawa, uwasimamishe. Usimpime mtu kwa kumshusha mwingine, hata kwa utani. Jina la mshindi liweke mwisho, useme kwa kipimo, ukae. Kidole kimoja hakivunji chawa, na sifa ukimtwisha mtu mmoja peke yake inamlemea. Wagawie walioibeba naye, itakuwa nyepesi na watampigia makofi kwa moyo.

Mungu akupe ulimi unaounganisha watu. Akujaalie wenzio wa kukimbia nao mvua ikija, na siku ya sahani yako usikose wa kukaa ubavuni pako. Nenda mama, kaandike. Ukimaliza unisomee tena, nami nitakuwa hapa nasubiri kusikia majina.