Dirisha Likakua, Ufa Ukapotea

Pale hospitalini walimwita Fundi Nyaya, na yeye mwenyewe aliitikia jina hilo kuliko lile aliloandikiwa kwenye kitambulisho. Kompyuta ikigoma, printa ikimeza karatasi, aliitwa yeye. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliingia, akainama chini ya meza, akatoka na vumbi magotini, na mambo yakaenda.

Siku ile aliitwa kwenye chumba cha picha za eksirei. Walikuwa wameletewa skrini mpya, pana kama mlango wa kabati, yenye nukta nyingi mno kuliko ile ya zamani. Daktari wa picha alikuwa ameikaribia mpaka pua inataka kugusa kioo.

"Binti, hebu njoo uone maajabu," alisema. "Nimepewa skrini ya kifalme, dirisha la programu limekuwa la sisimizi!"

Kweli. Programu yao ilikuwa ya zamani. Ukiifungua, kwanza hutokea dirisha la kuzindulia: hapo unaandika neno la siri, unachagua mgonjwa, ndipo picha inafunguka. Dirisha hilo sasa lilikuwa dogo kama kiberiti, limejibanza katikati ya skrini, na herufi zake hazisomeki.

Fundi Nyaya alianza na mipangilio ya skrini. Akapandisha ukubwa wa maandishi hadi asilimia mia mbili, akazima na kuwasha. Kila kitu kikanenepa isipokuwa lile dirisha. Hakushangaa. Baadhi ya programu kuukuu huiambia kompyuta, "Niachie, nitajikuza mwenyewe," halafu hazijikuzi. Basi akabofya alama ya programu kwa kitufe cha kulia, akafungua sifa zake, akaenda penye mambo ya utangamano wa programu na mfumo wa kompyuta, akatafuta mahali pa kuipokonya programu mamlaka ya kujipangia ukubwa. Palikuwa na machaguo matatu: programu ijikuze yenyewe, mfumo uikuze, au mfumo uikuze kwa njia iliyoboreshwa. Akachagua la pili.

Akafungua tena. Dirisha likatokea, kubwa, linajaza macho. Herufi zilikuwa na ukungu kidogo, lakini zilisomeka.

"Mungu akupe maisha marefu," daktari akasema, akiwa tayari anaandika neno lake la siri. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Fundi Nyaya akakusanya bisibisi zake, akaondoka. Picha hakuzifungua. Aliitiwa dirisha, na dirisha alilitengeneza.

Siku chache baadaye baba yake mdogo aliteleza bafuni, akaangukia kiganja. Huyu ndugu ya baba yake alikuwa kinyozi, mwenye kibanda karibu na kituo cha polisi, mtu wa kumkata nywele mteja huku akimsimulia kisa mpaka mteja asahau kudai punguzo. Fundi Nyaya ndiye aliyempeleka hospitali, akambembeleza daktari amwone mapema.

Daktari aliitazama picha, akainamisha kichwa huku na huku. "Sioni mvunjiko. Ni msuli tu. Afunge bendeji, apumzike wiki moja, akiendelea kuumwa arudi."

"Unaona?" baba mdogo akacheka njia nzima. "Mifupa yangu ni ya zamani, si hii ya siku hizi inayovunjika kwa chafya."

Akapumzika kidogo, akarudi kwenye mkasi. Maumivu hayakumtoka, lakini alijiambia kuwa msuli nao una kiburi chake. Hakurudi. Miezi ilipita. Siku moja Fundi Nyaya alipita kibandani, akamkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, mkasi uko sakafuni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Niokotee huo mkasi." Akautazama mkono wake. "Hapa chini ya kidole gumba panawaka moto. Leo umenidondoka mara ya tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami sasa hata viwili vimegoma."

Alimrudisha hospitali asubuhi iliyofuata. Baba mdogo alipokuwa akisubiri kwenye benchi, Fundi Nyaya aliingia karakana yake, akaifungua ile picha ya kwanza kwenye kompyuta yake yenye skrini ya kawaida. Hakuwa daktari. Lakini kwenye kifupa kidogo chini ya kidole gumba aliona mstari, mwembamba kama unywele, umekikata katikati.

Akaenda chumba cha picha, akamwomba daktari aifungue picha ileile kwenye skrini kubwa. Kifupa kilikuwa laini, kizima, kama kilichopakwa mafuta.

"Subiri," alisema. Akafunga programu, akaenda kwenye utangamano, akaondoa chaguo lake, akafungua upya. Dirisha la kuzindulia likarudi kuwa la sisimizi. Akalisoma kwa kikuza skrini, akaifungua picha.

Mstari ulikuwepo.

Daktari akasogeza kiti karibu na kioo. Kisha, "Rudisha."

Akarudisha. Mstari ukapotea.

"Toa."

Ukarudi.

Hapo hapakuwa na la kubishana. Programu ilikuwa moja. Alipoipokonya mamlaka ya ukubwa kwenye dirisha, aliipokonya na kwenye picha. Kompyuta ilikuwa ikichora kila kitu kwa nusu ya ukubwa, kisha inavuta kama mtu anayevuta shuka fupi, na vitu vyembamba vinamezwa na ukungu. Daktari angeivuta picha karibu, angeuona ufa. Lakini foleni ilikuwa ngazini.

"Ningeweza kukosa kuuona hata bila hivi," daktari alisema polepole. "Kifupa hiki ni mjanja." Halafu akavua miwani. "Tangu uweke, tumesoma wangapi?"

Fundi Nyaya aliliacha chaguo limeondolewa, akamwekea daktari kikuza skrini cha kusomea dirisha. Wakaanza kuzifungua picha za nyuma, moja baada ya nyingine. Kwenye ya mwanamke mmoja wakakaa muda mrefu, wakitazama mstari kwenye mbavu. Daktari akachukua simu kumpigia, lakini namba haikupatikana.

Majibu ya picha mpya ya baba mdogo yalikuja kabla ya adhuhuri. Kipande cha kile kifupa kilikuwa kimekosa damu, kimekufa. Upasuaji ungepunguza maumivu. Kushika mkasi kama zamani, hapana.

Daktari alimwambia Fundi Nyaya asiseme mengi, wakubwa wangelishughulikia. Lakini mficha uchi hazai. Jioni alikwenda kibandani akasimulia yote, hata mambo ya nukta na kuvuta, ambayo mzee hakuyaelewa.

Baba mdogo alisikiliza mkono ukiwa pajani.

"Sasa ulipoona dirisha limekaa vizuri," aliuliza, "hukuangalia na picha?"

"Sikuangalia, baba mdogo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alitikisa kichwa kama anayehesabu jambo. Fundi Nyaya alisubiri atukanwe, angeshukuru. Hakutukanwa. Mteja alichungulia mlangoni akiuliza kama kuna nafasi, na mzee akamwambia, kwa sauti ya upole ya kazini, kwamba leo hakuna, na kesho ajaribu kwingine.

Kisha akainuka, akafunga mashine zake kwenye kitambaa kwa mkono wa kushoto, vibaya, fundo likifunguka kila mara. Fundi Nyaya alinyoosha mkono amsaidie.

"Acha," alisema. "Wewe nishushie tu lile shata la mlangoni. Hilo siliwezi."

Akalishusha.